38 ya kiatu, 38 ya suruali, 38 ya sidiria: maswali tunayoulizwa sana Mwanjelwa

Wateja wengi wanaokuja kwenye meza zetu hapa Mwanjelwa, na wale wa Tukuyu, Makambako na Njombe wanaoagiza kwa simu, hutaja saizi kwa namba moja tu: "Nitafutie 38." Mzigo ukifika, kiatu kinaingia vizuri, suruali inadondoka, sidiria inapanda mgongoni. Haya ndiyo majibu tunayowapa. Tumeyaandika kwa kirefu kwa sababu pesa ya mtu ikishaondoka na nauli ya basi juu yake, kurudisha nguo ni shida kwa pande zote.

Mimi navaa kiatu namba 38. Kwa nini suruali 38 hainitoshi?

Kwa sababu namba hizo mbili hazihesabu kitu kimoja. Ya kiatu inahesabu urefu, na kila hatua yake ni theluthi mbili za sentimita. Ya suruali, kwa jinzi na kadeti nyingi, inahesabu mzunguko wa kiuno kwa inchi. Ya sidiria inaanzia kwenye mzunguko wa mbavu chini ya matiti, halafu inaongezwa inchi kadhaa ambazo mwilini hazipo. Kukutana kwao kwenye 38 ni bahati tu. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kwamba mwenye mguu wa 38 awe na kiuno cha 38.

Hiyo 38 ya kiatu imepatikanaje?

Mafundi viatu wa Ufaransa walizoea kupima kwa kipimo cha theluthi mbili za sentimita, na kipimo hicho kikaenea karibu Ulaya nzima. Ukizidisha 38 kwa theluthi mbili unapata sentimita 25.3. Sasa mteja akipima unyayo wake akakuta sentimita 24, anadhani lebo inadanganya. Haidanganyi. Zile 25.3 ni urefu wa kalibu, yaani kile kigogo chenye umbo la mguu ambacho kiatu hushonwa juu yake. Kalibu lazima iuzidi unyayo kwa sentimita moja na nusu hivi, maana vidole husogea mbele mtu anapotembea. Kwa hiyo 38 ya Ulaya ni kiatu cha unyayo wa sentimita 23.5 hadi 24, kutegemea kampuni iliacha nafasi kiasi gani.

Waingereza wana hesabu yao. Hatua yao ni theluthi moja ya inchi, na zamani walisema ni urefu wa punje moja ya shayiri. Ndiyo maana kwenye ulimi wa raba hiyohiyo utakuta 38 ya Ulaya imeandikwa jirani na 5 ya Uingereza, au 4.5 kwa kampuni nyingine. Wamarekani nao wana namba ya wanawake na namba ya wanaume, hivyo usishangae kuona 7 na 5.5 kwenye kiatu kimoja.

Kati ya namba zote hizo kwenye ulimi wa raba, niamini ipi?

Amini ile ya sentimita. Raba nyingi huandikwa CM au JP, na mbele yake 23.5, 24 au 24.5. Nyingine zinaandika 240, ambayo ni milimita. Hiyo ndiyo namba pekee inayozungumzia mguu wako wewe badala ya kalibu ya fundi.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji wachache hulieleza. Viatu vya China navyo vina namba zinazofanana na za Ulaya, lakini kwa hesabu ya zamani ya Kichina unachukua urefu wa unyayo kwa sentimita, unazidisha kwa mbili, unatoa kumi. Unyayo wa 24 unatoa 38. Hapo wanakubaliana na Ulaya, na ndiyo maana akina dada wenye namba hii hawapati tabu sana. Kadiri namba inavyopanda, njia zinaachana, kwa sababu hatua ya Kichina ni nusu sentimita na ya Ulaya ni zaidi kidogo. Kiatu cha 42 kwa Kichina ni cha unyayo wa sentimita 26, wakati 42 ya Ulaya inabeba 26.5. Kwenye 44 tofauti inazidi kuonekana. Kaka anayevaa mtumba wa Ulaya namba 44 akinunua kipya cha Kichina chenye 44 ileile, vidole vinamgonga mbele.

Nipimeje mguu kama niko mbali?

Weka karatasi sakafuni, iguse ukuta. Simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote mguuni, kisha mtu mwingine atie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine hicho ni cha pili, si kidole gumba. Pima miguu yote miwili, chukua mkubwa, na upime jioni baada ya shughuli, si asubuhi ukitoka kitandani. Kama unanunua kwa ajili ya Juni na Julai, na uko Makete au Njombe ambako baridi haina huruma, pima ukiwa na soksi nzito zile utakazovaa.

Kwa kiatu cha mtumba tuna hatua moja zaidi: toa soli ya ndani, ile laini inayotoka, uipime. Iwe ndefu kuliko unyayo kwa sentimita moja hivi. Kama haitoki, usikate tamaa, omba muuzaji aingize tepu ndani mpaka mwisho.

Tuje kwenye suruali. 38 ni kiuno cha nani?

Kwenye jinzi, kadeti na suruali nyingi za kiume, 38 ni inchi, sawa na sentimita 96.5. Lebo ikiwa W38 L32, ya kwanza ni kiuno na ya pili ni urefu wa mguu kwa ndani, kuanzia penye makutano ya miguu hadi chini. Fundi cherehani wako anapima kwa inchi hizohizo, kwa hiyo kwake hakuna mgogoro.

Mgogoro unaanza kwenye suruali za kike zinazotoka Ujerumani na majirani zake, ambazo kwenye mabelo zipo nyingi. Humo 38 si inchi kabisa. Wajerumani huchukua mzunguko wa kifua cha mwanamke kwa sentimita, wanagawa kwa mbili, wanatoa sita. Kifua cha 88, nusu yake 44, toa 6, unapata 38. Ndiyo, hata kwenye suruali, namba hiyo imeanzia kifuani. Mwanamke huyo wa kwenye jedwali lao ana kiuno cha sentimita 72 hivi na nyonga 97 hivi. Kiuno cha 72 ni inchi 28.

Angalia basi. Suruali mbili ziko juu ya meza moja, zote zimeandikwa 38. Moja ina kiuno cha sentimita 96.5, nyingine 72. Tofauti ni sentimita 24 na zaidi. Huko si kubana wala kulegea, hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Nitajuaje kama 38 niliyoshika ni ya inchi au ya Kijerumani?

Soma lebo yote, usisome namba moja tu. Ya Kijerumani mara nyingi huja na ndugu zake: D 38, F 40, I 44, GB 12. Hizo ni nchi: Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uingereza, zote zikielezea suruali ileile. Ukiona hivyo, sahau inchi. Ukiona W, au namba mbili zilizotenganishwa kama 38/32, hiyo ni inchi. Ukiona EUR 38 pekee, bado kuna wasiwasi, kwa sababu kampuni nyingine hufuata Ufaransa, na 38 ya Ufaransa ni sawa na 36 ya Ujerumani, yaani ndogo zaidi.

Lebo ikiwa imekatwa au imefutika, ilaze suruali mezani, funga kifungo, nyoosha mkanda wa kiuno bila kuuvuta, pima kutoka pembe hadi pembe, kisha zidisha kwa mbili. Ukipata 72 hivi ni ya Kijerumani. Ukipata 97 au 100 ni ya inchi.

Mbona suruali ya inchi 38 ikipimwa inatoa 40?

Hilo ni la kawaida, na usimlaumu muuzaji. Jinzi nyingi hazikai kiunoni penye kitovu, zinakaa chini kidogo, ambako mwili ni mpana zaidi, hivyo mkanda lazima uwe mkubwa. Pia kampuni nyingi zimekuwa zikiongeza kitambaa huku namba ikibaki palepale, ili mnunuzi afurahi kuona bado anavaa 38 yake ya ujanani. Ongeza kwamba mtumba umeshavaliwa na kufuliwa: jinzi yenye mpira hutanuka, ya pamba tupu inaweza kuwa imeshasinyaa. Kwa mtumba, tepu ina kauli ya mwisho kuliko lebo.

Ile ya kuzungusha suruali shingoni inafaa?

Inafaa kukuondolea usumbufu wa kuchagua kwenye rundo, haifai kukuamulia ununue. Ukifunga kifungo na kuzungusha mkanda shingoni, pembe zikakutana nyuma, unachukulia kwamba shingo ni nusu ya kiuno. Kwa vijana wembamba hesabu hiyo hukaribia. Kwa mzee mwenye kitambi, kwa mama aliyejifungua karibuni, au kwa kijana wa mazoezi mwenye shingo nene, inapotea kwa inchi kadhaa. Na haisemi lolote kuhusu nyonga, ambako ndiko suruali za kike hukwamia.

Fundi anaweza kuipunguza 38 iwe 34?

Kupunguza inchi mbili kwa mshono wa nyuma ni kazi ya kawaida. Ukizidi hapo, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana na kiti cha suruali kinaharibika umbo. Inchi nne maana yake ni kuifumua pande zote na kuikata upya, na gharama yake inaweza kuishinda bei ya suruali. Kuongeza ni kugumu zaidi: geuza ndani utazame kitambaa kilichobaki kwenye mshono wa nyuma. Suruali za suti huwa nacho, jinzi hazina.

Na sidiria? Hiyo 38 nayo ni inchi za wapi?

Hapa ndipo akina dada na akina mama wanapoumizwa zaidi, na kwa kuwa wengi wanaona haya kuuliza, tunaomba msome taratibu.

Sidiria ina sehemu mbili: namba na herufi. Namba ni ya mkanda unaozunguka mbavu. Herufi ni ya kikombe. Katika mtindo wa zamani wa Marekani na Uingereza, unapima chini ya matiti kwa inchi, halafu unaongeza inchi nne au tano. Nyongeza hiyo ilikuwa ya kukadiria mzunguko wa kifua juu ya matiti, chini ya kwapa. Mwenye mbavu za inchi 33 au 34 anaishia kwenye 38. Ndiyo maana ukipima sidiria ya 38 bila kuivuta, hutapata inchi 38. Utapata pungufu sana, na mpira wake ukivutika ndipo unaukuta mwili.

Siku hizi kampuni kadhaa za Uingereza zimeacha kuongeza. Kwao 38 ni inchi 38 za mbavu zenyewe. Kwa hiyo hata ndani ya sidiria peke yake, 38 inaweza kumaanisha miili miwili.

Ulaya wao wanaandika sentimita za mbavu bila nyongeza. Sidiria ya 85 ni ya mbavu za sentimita 83 hadi 87. Ufaransa na Hispania huongeza 15, hivyo 85 hiyohiyo wanaiita 100. Sidiria mpya za China zinazouzwa Mwanjelwa, na kule Iringa sokoni Mlandege, nyingi zimeandikwa zote mbili: 85/38, 80/36, 75/34. Soma ya kwanza. Pima chini ya matiti kwa sentimita, tepu ikiwa imebana kidogo na imenyooka mgongoni, tafuta namba iliyo karibu, basi.

Kwa nini mnasema "mpya"? Za mtumba je?

Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mtumba, sidiria zikiwemo. Hatuziuzi. Hata ukiweka sheria pembeni, mpira wa sidiria ndio unaobeba kazi, na ukishachoka, namba kwenye lebo haina maana tena.

Herufi inapatikanaje?

Pima mzunguko wa kifua penye kilele cha matiti, toa ule wa mbavu. Kwa lebo za Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Herufi hizi zilianza kutumika Marekani mwaka 1932, na kampuni ya S.H. Camp.

La muhimu ni hili: kikombe hakisimami peke yake. B ya 38 si kubwa sawa na B ya 34, kwa sababu kikombe hukua pamoja na mkanda. Kikombe cha 38B kinakaribiana na cha 36C na cha 34D. Muuzaji akikuuliza "38 au 40?" bila kutaja herufi, anauza nusu ya saizi. Mwenye mbavu ndogo na matiti makubwa hupewa 40 ili vikombe vimtoshe, kisha mkanda unalegea, mikanda ya begani inabeba uzito wote, na mabega yanabaki na mifereji.

Dalili za namba mbaya ni zipi?

Mkanda ukipanda mgongoni ni mkubwa, hata kama mbele unaona sawa. Shuka namba moja na panda herufi moja: kutoka 38B nenda 36C. Titi likimwagika juu ya kikombe, herufi ni ndogo, acha namba ilipo. Sidiria mpya ifungwe kwenye vikulabu vya mwisho, vile vya nje kabisa, na hapo iwe tayari imekushika, vidole viwili vikipita chini yake. Ikilegea baada ya miezi unaingia ndani. Anayenunua mpya akaifunga mara moja kwenye vikulabu vya ndani hana pa kukimbilia mpira ukichoka.

Naomba mfano wa mtu mmoja kwa vyote vitatu.

Chukua dada wa Tukuyu mwenye vipimo hivi kwa sentimita: unyayo 24, kiuno 80, nyonga 104, mbavu 78, kifua 93. Ameandika "38" kwenye ujumbe kwa sababu ndiyo namba ya kiatu chake.

Kiatu kinamkaa. Unyayo 24 ukiongeza 1.5 ni 25.5, gawa kwa theluthi mbili unapata 38 na kipande.

Suruali ya inchi 38 ina sentimita 96.5, inamzidi kwa 16. Anahitaji 32, maana 80 ni inchi 31.5. Ya Kijerumani 38 ina kiuno cha 72, haifungi. Kwa hesabu ya kifua, nusu ya 93 ni 46.5, toa 6, ni 40.5, angeweza kuambiwa 40. Lakini kiuno chake na nyonga zake ziko kwenye 42 ya jedwali lao. Kwenye blauzi tungempa 40, kwenye suruali 42, kwa sababu suruali haina habari na kifua.

Sidiria ya 38 ni ya mbavu 83 hadi 87, hivyo itampanda. Mbavu zake 78 ni 80 ya Ulaya, kwenye lebo 80/36. Tofauti ya 93 na 78 ni 15, herufi B. Amwambie muuzaji 80B.

Mtu mmoja, namba nne: kiatu 38, jinzi 32, suruali ya Kijerumani 42, sidiria 36B.

Shati na koti la baridi nazo zina 38. Ni ipi?

Shati la kiume lenye kola, 38 ni sentimita za shingo, karibu inchi 15. Koti au suti ya Uingereza na Marekani, 38 ni inchi za kifua, na Ulaya koti hilohilo huandikwa 48. Kwa koti la kuvaa juu ya sweta, kama ilivyo kawaida yetu huku, panda namba moja.

Nikiagiza kwa simu niandike nini?

Usiandike 38. Kwa kiatu andika urefu wa unyayo. Kwa suruali andika kiuno, nyonga, na urefu wa mguu kwa ndani. Kwa sidiria andika mbavu na kifua. Vyote kwa sentimita, na useme kama umepima juu ya nguo au bila nguo. Asiye na tepu achukue kamba isiyovutika, azungushe, atie fundo, kisha ailaze kwenye rula ya mtoto wa shule. Sisi tutapima bidhaa yenyewe na kukurudishia vipimo vyake kabla ya kuipeleka stendi.